Kabla turubai halijafungwa: namna ya kukaa na rafiki ambaye mzazi wake anaelekea mwisho

Kwetu msiba una wenyewe. Mtu akifariki alfajiri, saa mbili asubuhi turubai limeshafika, viti vya kukodi vimeshushwa, masufuria ya mtaa yamekusanywa na jina la mweka hazina wa michango limetumwa kwenye kundi la Wasapu. Hakuna aliyefundishwa. Lakini rudi nyuma wiki sita, mzazi alipotolewa hospitali akaletwa nyumbani na mtoto ndiye anayemgeuza kitandani. Mtaa huohuo unakuja Jumapili, unakaa robo saa, unasema "Mungu atamponya", unaondoka. Mtoto anabaki na ndoo.

Nilifanya kazi miaka kadhaa Dar es Salaam nikiwa mhudumu wa wagonjwa majumbani, nikifuatana na wauguzi wa tiba shufaa, yaani ile huduma ya kumpunguzia mtu mateso pale ugonjwa wenyewe hauponyeki. Niliingia nyumba nyingi. Hata hivyo, mengi ninayoyaandika hapa nilijifunza siku ilipokuwa zamu ya rafiki yangu wa karibu, mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili, anayeishi Mbagala. Mama yake alitoka Tanga kuja kutibiwa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo saratani inayowapata zaidi wanawake Tanzania. Alipigwa mionzi. Baadaye daktari akasema ugonjwa umesambaa, kilichobaki ni kumwondolea maumivu. Bi mkubwa akakaa kwa binti yake wiki saba. Mwongozo huu ni kwa mtu aliyesimama nilipokuwa nimesimama mimi: si mtoto wa mgonjwa, bali rafiki wa mtoto.

Hatua ya kwanza: jua mpo wapi

Uliza maswali mawili, na uyatenganishe. La kwanza: "Daktari aliwaambiaje?" La pili, baada ya kumsikiliza mpaka amalize: "Na wewe mwenyewe unaonaje?" Majibu mara nyingi hayafanani. Rafiki yangu alijibu la kwanza kwa maneno ya hospitali, kwamba wamepewa dawa na watarudi kliniki baada ya mwezi. La pili alilijibu akiangalia mlango: "Mwezi ni mrefu." Alikuwa ameshajua. Hakuwa na wa kumwambia.

Usianze kubishana na daktari wala na matumaini yake. Unachotaka ni kujua kasi. Wauguzi niliofuatana nao walinifundisha kipimo rahisi: angalia mabadiliko yanakuja kwa muda gani. Mgonjwa anayedhoofika mwezi hadi mwezi huenda ana miezi. Anayedhoofika wiki hadi wiki, hesabu wiki. Ikifika leo hawezi jambo aliloliweza juzi, hesabu siku. Bi mkubwa wiki ya kwanza alikwenda uani mwenyewe akishika ukuta. Wiki ya tatu alikwenda kwa kushikwa kwapa. Wiki ya tano hakushuka kitandani. Kipimo hiki kina mipaka yake, kwa sababu damu kutoka nyingi au homa ya ghafla inaweza kufupisha kila kitu kwa usiku mmoja, na wapo wanaotulia wiki mbili nzima bila kubadilika. Lakini kinatosha kukuambia kama ahadi yako ya "nitakuja mwezi ujao" ina maana yoyote.

Hatua ya pili: mwondolee hofu ya uchuro

Hapa ndipo marafiki wengi tunapokosea, na tunakosea kwa kupenda. Katika wiki ya pili rafiki yangu alinipigia akilia. Alikuwa anafua shuka, akajikuta anahesabu sebule yake inachukua wanawake wangapi wakikaa chini, na nani ataombwa asomeshe khitma. "Mama yuko chumbani ananiita," akaniambia, "na mimi huku namzika. Si namchuria?"

Hayo ndiyo majonzi ya kabla. Akili inakwenda mbele kuzika wakati mikono bado inauguza, na mtu anaona kama kuwaza kwake ni dua mbaya. Kwa kuwa kutaja kifo cha mgonjwa kwetu ni uchuro, hana pa kulisema. Akija mgeni na kumwambia "Usikate tamaa, atapona tu," mlango unafungwa tena, kwa sababu sasa akisema anachokiona ataonekana ndiye aliyekata tamaa.

Nilimjibu hivi, na ningejibu hivi tena: "Unalowaza halimpunguzii mama hata siku moja. Niambie lote. Likiisha, twende tukamgeuze." Akaongea dakika arobaini. Sikuongeza neno la maana. Ukikosa la kusema, sema "Endelea."

Jiandae kusikia mambo matatu yatakayokushtua, na usishtuke mbele yake. La kwanza ni "Natamani Mungu amchukue tu." Mtu anayesema hivyo amechoka kumwona mzazi akiteseka, na amechoka yeye pia. Usimwambie "Astaghfirullah, usiseme hivyo." Mwambie umesikia, kisha uliza kama maumivu ya usiku yamezidi, kwa sababu mara nyingi sentensi hiyo hutoka asubuhi ya usiku ambao dawa haikutosha. La pili ni hasira, na itakupata wewe kwa sababu upo karibu. Ipokee, ipite. La tatu ndilo linalowatisha wenyewe zaidi: ubaridi. "Sihisi kitu. Namwangalia mama kama naangalia mgonjwa wa mtu."

Ubaridi huo si roho mbaya. Mwaka 1944 daktari wa akili wa Boston, Erich Lindemann, aliandika juu ya wake wa askari waliokuwa vitani. Baadhi yao walimlilia mume mapema kiasi kwamba aliporudi mzima mioyo ilikuwa imeshamuaga, na askari mmoja alilalamika kuwa mkewe hampendi tena. Moyo unaoomboleza kabla unaweza kujiondoa kabla. Nilimwambia rafiki yangu kisa hicho. Halafu nikampa kazi ya mikono: ampake mama mafuta miguuni kila jioni, dakika kumi, bila simu. Sikumwambia ahisi chochote. Baada ya siku nne alikuwa anampaka na kumsimulia mambo ya shuleni.

Kuna mpaka ambao rafiki asiuvuke peke yake. Akisema anataka kufa yeye, au amepita siku kadhaa bila kulala kabisa hata akipata nafasi, au ameanza kunywa ili apitishe usiku, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, na usimwache akae peke yake mpaka amepata mtu wa kumsikiliza.

Hatua ya tatu: chukua kazi moja yenye siku na saa

"Ukihitaji chochote niambie" ni maneno mazuri yanayompa mchovu kazi nyingine, ya kufikiria ahitaji nini na aombe vipi. Chukua kazi moja, itaje siku na saa, uifanye kila wiki mpaka mwisho. Ukiweza, chukua usiku.

Mimi nilichukua Alhamisi, kuanzia saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi. Rafiki yangu alilala chumba cha watoto, mlango umefungwa. Alhamisi ya kwanza aliamka mara tatu kuchungulia. Ya pili alilala saa sita mfululizo, na asubuhi alionekana mtu mwingine.

Kazi ya usiku si kubwa, ila ina utaratibu. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila saa mbili: ubavu wa kulia, mgongo, ubavu wa kushoto, na mto kati ya magoti. Kila ukimgeuza, angalia na taa juu ya makalio, nyongani na visiginoni. Ngozi ikiwa nyekundu au nyeusi kuliko pembeni yake, na isibadilike hata ukiibonyeza kidogo, kidonda kinaanza. Mgonjwa asilalie hapo tena mpaka pamepoa, na muuguzi aambiwe. Usipakande. Vaa glavu unapobadilisha pampasi za watu wazima, osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha kwa kugusagusa.

Saratani hii huleta harufu, na harufu hufukuza wageni na kumdhalilisha mgonjwa mbele ya nafsi yake. Usijifanye huisikii, wala usimwage manukato juu yake. Beseni la mkaa mkavu chini ya kitanda husaidia, dirisha wazi husaidia zaidi, na muuguzi aulizwe kuhusu metronidazoli, ile wengi wanayoiita flajili, ambayo husagwa ikanyunyizwa sehemu yenye kidonda kwa maelekezo yake. Kwa bi mkubwa harufu ilipungua ndani ya siku chache, na jirani aliyekuwa anasalimia mlangoni akaanza kukaa.

Lakini lililombana rafiki yangu kuliko yote lilikuwa chupa ya mofini, dawa ya maumivu makali.

Mofini ya maji hunywewa kwa kipimo. Mama yake aliandikiwa kila baada ya saa nne: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku anapewa mara mbili ya kipimo ili asiamshwe saa 8 usiku. (Wa kwenu fuateni mlichoandikiwa ninyi.) Siri yote iko kwenye saa. Dawa hutolewa kabla maumivu hayajarudi, si baada ya mgonjwa kulia. Rafiki yangu alikuwa anasubiri mama aombe, kwa sababu shangazi mmoja alimwambia dawa hiyo ndiyo "inayomalizia watu". Kwa hiyo bi mkubwa alikuwa anateseka saa mbili katika kila nne.

Tulikaa na muuguzi akamweleza. Mofini inayotolewa kwa kipimo cha maumivu haimwahishi mtu kufa. Siku mbili tatu za mwanzo humlaza, baadaye hali hiyo hupungua. Hufunga choo karibu kila mtu, kwa hiyo huenda pamoja na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, si baada ya siku tano za kilio. Dalili za kumpigia muuguzi mara moja ni mgonjwa kutoamshika, pumzi kuwa chache sana, au mikono kuanza kushtukashtuka. Katika saratani ya mlango wa kizazi njia za mkojo zinaweza kuzibwa na figo zikachoka, na hapo mofini hukaa mwilini muda mrefu kuliko kawaida. Ikifika hivyo kipimo hubadilishwa, na anayekibadilisha ni mtaalamu, si familia.

Nikamnunulia daftari. Kila dozi tuliiandika: saa, kiasi, nani ametoa, maumivu yalikuwaje. Daftari hilo lina kazi ya pili, na ndiyo sababu nakusihi ulinunue wewe rafiki. Iko dozi moja itakayokuwa ya mwisho, na mtu fulani ndiye atakayekuwa ameitoa. Usipomwandaa, atakaa miaka akijiuliza kama ni yeye aliyeua. Nilimwambia mapema, mchana, tukiwa jikoni: "Siku mama akiondoka, nyuma yake kutakuwa na dozi. Tutafungua daftari tuone ilikuwa sawa na ya jana na ya juzi." Alinyamaza, halafu akasema ndilo jambo alilokuwa analiogopa na hakuweza kulitamka.

Kuhusu fedha nitasema kidogo. Michango ya msiba huja mingi baada ya kifo, wakati pampasi na nauli ya bodaboda ya kufuata dawa zinahitajika kabla. Tulikuwa marafiki sita, kila mmoja akatoa 10,000 kwa wiki, zikatumwa kwa mtu mmoja aliyenunua vitu na kuvifikisha. Hatukuunda kundi wala kutangaza. Hakuombwa kushukuru.

Na watoto: wachukue Jumamosi, warudishe wameoga na wamekula. Wakikuuliza kama bibi anakufa, usiwadanganye. Sema bibi anaumwa sana na madaktari hawana dawa ya kumponya, na mengine watamwuliza mama.

Hatua ya nne: msaidie kuacha kulisha kwa nguvu

Wiki ya tano bi mkubwa alikataa uji. Katika nyumba zetu huu ndio mgogoro mkubwa kuliko wa dawa, maana kumlisha mzazi ndiko kumpenda kunakoonekana. Wageni wakaanza: "Mnamwacha na njaa?" Rafiki yangu akawa anamwingiza kijiko kwa nguvu, mama anakohoa, anageuza uso, wote wawili wanalia.

Mwili unaokaribia mwisho hauhitaji tena chakula, na tumbo haliwezi kukitumia. Hafi kwa sababu hali. Hali chakula kwa sababu anakufa. Mwambie rafiki yako hivyo, kwa upole, zaidi ya mara moja. Kijiko kikilazimishwa, chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu.

Kisha mpe kitu cha kufanya badala yake, kwa sababu mikono iliyozoea kulisha haiwezi kukaa bure. Kitambaa laini safi kilicholowekwa maji, afute midomo, ulimi na ndani ya mashavu kila saa moja au mbili. Mafuta ya mgando kwenye midomo. Akipenda ladha, tone la juisi ya chungwa au la chai ya tangawizi aliyoipenda, mradi bado anameza. Bi mkubwa alikuwa akinyonya kitambaa cha maji ya dafu na kufumba macho. Kwa siku tisa za mwisho hicho ndicho kilichokuwa chakula chake, na binti yake ndiye aliyempa.

Hatua ya tano: mlete ndugu wa mbali sasa

Karibu kila familia ina ndugu aliye mbali anayetoa amri kwa simu. Wa kwetu alikuwa kaka mkubwa, anafanya kazi Maskati. Kila usiku alituma ujumbe wa sauti: mpelekeni hospitali, mtundikieni dripu, kwani mmemkatia tamaa? Alikuwa analia kwa namna yake, maana hakuwa amemwona mama tangu akiwa anatembea.

Usijiingize kujibizana naye. Wewe si ndugu. Unachoweza ni mambo mawili. Moja, mwombe muuguzi azungumze naye moja kwa moja, simu ikiwa kwenye spika na dada yake akiwepo. Muuguzi alimweleza kwamba mwili uliofika hapo hauwezi kuyashughulikia maji ya dripu. Hujaa miguuni na kwenye mapafu, na mama angehangaika kupumua. Maneno yaleyale yakitoka kwa dada yalikuwa uzembe, yakitoka kwa muuguzi yakawa taarifa.

La pili ni nauli. Msaidie rafiki yako kusema sentensi hii, ikibidi kaa naye anapoisema: "Kaka, nauli uliyoiweka ya msiba, itumie sasa. Leo bado anakujua." Alikuja siku tisa kabla mama hajafariki. Siku ya kwanza aligombana na kila mtu, ya pili akamsafisha mama miguu, ya tatu akaomba aonyeshwe kuandika kwenye daftari.

Jambo la wapi azikwe lilikuwa linamla rafiki yangu kimya kimya, maana Tanga ni mwendo wa kilomita kama 350 na kwao maiti hacheleweshwi. Mtoto hawezi kumwuliza mama swali hilo. Wala rafiki. Tulimwomba mama mdogo, aliye rika lake na mwenye ulimi wa kutosha. Aliuliza akimsuka nywele. Jibu lilikuja bila shida yoyote: "Popote, mradi msiniweke sana." Jambo lililomnyima binti usingizi wiki tatu likaisha kwa dakika moja. Vivyo hivyo kwa kitambulisho, hati ya kiwanja na madeni: mtu wa rika la mgonjwa aulize, na aulize mapema wakati akili yake iko wazi. Wewe rafiki usiguse karatasi yoyote.

Hatua ya sita: watengenezee nafasi ya radhi

Mtoto wa Kiswahili anaogopa kubaki bila radhi kuliko anavyoogopa kubaki bila urithi. Rafiki yangu na mama yake walikaa miaka mitatu bila kusemeshana kwa ajili ya ndoa yake. Walishapatana, watoto wakazaliwa, lakini jambo lenyewe halikuwahi kutajwa.

Kazi yako hapa ni kuondoa watu. Saa nzuri ni nusu saa hadi saa moja baada ya dozi ya asubuhi, maumivu yamekaa chini na usingizi haujamchukua. Chukua watoto, wapeleke wageni barazani, funga mlango. Mwambie rafiki yako asitunge hotuba. Aanze na moja tu: "Mama, kama nilikukosea, niwie radhi." Mengine yatakuja, au hayatakuja.

Sikuwemo chumbani. Alichoniambia baadaye ni kwamba mama alijibu, "Radhi zangu unazo tangu zamani. Mimi ndiye nilichelewa kusema." Halafu akaomba ageuzwe, mgongo unamwuma.

Mzazi asiyeweza tena kuzungumza aambiwe vilevile, karibu na sikio, kwa sauti ya kawaida. Lakini nina neno kwa wale ambao marafiki zao walitelekezwa au kupigwa na mzazi huyo anayekufa. Usimsukume mtu wa namna hiyo kuomba radhi kwa lolote. Wengine wanaweza kumwosha mzazi na wasiweze kumsamehe, na kumwosha ni kwingi. Nimewaona wanaume wazima wakimbadilisha baba pampasi bila kumsemesha, kila siku, mpaka mwisho. Niliwaheshimu.

Hatua ya saba: siku za mwisho

Mweleze rafiki yako dalili kabla hazijaja, kwa sababu kisichotarajiwa ndicho kinachobaki machoni. Mgonjwa hulala karibu siku nzima. Mkojo huwa kidogo na mweusi kama chai kavu. Mikono na miguu hupoa, na ngozi ya magoti na nyayo huwa na mabaka. Huenda akazungumza na waliokufa zamani. Bi mkubwa alimwita mama yake mara nyingi, na haikuwa na haja ya kumsahihisha. Pumzi hubadilika: huenda kasi, hupungua, husimama nusu dakika, kisha hurudi. Kooni husikika mkoromo wa mate asiyoweza kuyameza. Mkoromo huo huwatesa wanaosikiliza kuliko yeye. Mlaze ubavu, inua kichwa kidogo, usimpe maji.

Uliza mapema maswali haya mawili. "Ikifika wakati ukiwa umelala, nikuamshe?" Wengi wanasema ndiyo, wachache wanasema hapana, na wote wana haki. Na: "Nani aitwe kumsomea?" Rafiki yangu alitaka mama mdogo asome Yasini na kaka amkumbushe shahada, kwa upole, bila kumrudiarudia. Kwa rafiki Mkatoliki, padre aitwe kwa Mpako wa Wagonjwa wakati mgonjwa bado anaitikia, si pumzi zikiwa zimeshakatika.

Iliangukia Alhamisi. Saa 9 usiku nilimgeuza nikaona magoti yamebadilika na pumzi zinasimama muda mrefu. Nikagonga mlango wa chumba cha watoto. Rafiki yangu alitoka kabla sijamaliza kugonga, akaketi kitandani, akashika mkono. Kaka akaja na udhu wake. Mama mdogo akafungua msahafu. Mimi nikasimama mlangoni na kitambaa cha maji, kisha nikaenda jikoni, maana hapo ilikuwa zamu yao.

Saa 10 na dakika ishirini akanifuata. "Ameacha kupumua." Akaketi kwenye kigoda. Baada ya muda akauliza, "Daftari liko wapi?" Nikampa. Akasoma mstari wa saa 4 usiku, wa jana yake, wa juzi yake, akipitisha kidole. Vipimo vilikuwa vinafanana. Akalifunga akaliweka mapajani.

Tulizima simu zote nusu saa, wakae naye wenyewe kabla ya mtaa kujua. Kaka alimfunga kidevu na kumwelekeza kibla. Nikachemsha maji. Adhana ilipokwisha nikawasha simu, nikatuma ujumbe mmoja, na saa mbili asubuhi turubai lilikuwa limefika.